Namba 30: safari ya herufi A tangu mwaka 1981

Leo nawaletea historia, ila si ya Majimaji wala ya Mkutano wa Berlin. Ni historia ya namba moja tu, namba 30. Ukibonyeza A kwenye kompyuta mpya inayotumia Linux, ndani kabisa ya mfumo endeshi kitufe hicho kinaitwa 30. Na kwenye PC ya kwanza, ile ambayo IBM waliitangaza Agosti 1981, kitufe hicho hicho kiliitwa 30. Hapo katikati kibodi zimebadilishiwa waya, zimeongezewa vitufe na zimebadilishiwa hata lugha wanayozungumza na kompyuta, lakini 30 ipo palepale. Nimeona tuifuate njia yake yote, kwa sababu ukishaijua unapata na faida ya mkononi: unaweza kutofautisha kibodi mbovu na kibodi nzima ambayo kompyuta inaielewa vibaya. Kwa shule zetu zinazopokea kompyuta za msaada, hilo si jambo dogo. Nitafika huko.

Tuanze na jambo ambalo likieleweka mengine yote yanakuwa mepesi. Kibodi haijui herufi. Ile A iliyochapwa juu ya kitufe ni wino tu, ipo kwa ajili ya macho yako. Chini ya vitufe kuna waya zilizopangwa kama nyavu, nyingine zimelala na nyingine zimesimama, na kila kitufe kimekaa mahali waya mbili zinapokutana. Kuna chipu ndogo ndani ya kibodi yenyewe ambayo haifanyi kazi nyingine ila kuzunguka kwenye hizo waya, mstari mmoja baada ya mwingine, mara nyingi kwa sekunde, ikiuliza: hapa pamebonyezwa? hapa je? Kule kuzunguka ndiko kunakoitwa kuskani. Ikikuta mahali waya mbili zimegusana, inatuma namba ya mahali hapo. Namba hiyo ndiyo msimbo wa skani. Haisemi "A". Inasema tu "kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa".

Sasa mtu atauliza, kwa nini kibodi isitume herufi moja kwa moja, kazi ikaisha? Jibu ni kwamba ilishawahi kuwa hivyo. Chukua Apple II ya mwaka 1977. Kibodi yake ilikuwa inatuma herufi iliyokwisha kuiva: unabonyeza A, kompyuta inapokea msimbo wa ASCII wa A kubwa, basi. Tatizo likaja watu walipotaka kuandikia barua. Kibodi ile ilikuwa inatoa herufi kubwa tu, na programu haikuwa na njia ya kujua kama umeshika Shift au hujashika, kwa sababu Shift ilikuwa inamalizwa huko huko ndani ya kibodi. Ikabidi watu wafungue mashine, wauze waya mmoja kutoka kwenye Shift... samahani, si kuuza dukani, ni kuulehemu, waupeleke kwenye tundu la vifaa vya michezo, ili programu ya kuandikia iweze kuchungulia kule na kujua Shift imeshikwa. Hebu fikiria, waya wa kuchezea gemu unatumika kuandikia herufi ndogo! Hiyo ndiyo gharama ya kibodi inayoamua yenyewe: isichokuambia, huwezi kukijua.

IBM mwaka 1981 walichagua njia nyingine. Kibodi ya PC yao ilikuwa na vitufe 83 na chipu ya Intel 8048 ndani yake, na chipu ile ilikatazwa kuamua chochote. Vitufe vilipewa namba 1 mpaka 83, na kila kitufe kilikuwa kinaripoti mara mbili: kinapobonyezwa na kinapoachiwa. Kubonyezwa ni namba yenyewe. Kuachiwa ni namba hiyo ukijumlisha 128. Kwa hiyo A ikibonyezwa inakwenda 30, ukiiachia inakwenda 158. Hata Shift ni kitufe kama vitufe vingine, ina namba yake, 42, nayo inaripoti kuingia na kutoka.

Tufanye mfano wa kwetu. Andika "Ng'" ya mwanzo wa "Ng'ombe". Unashika Shift, unabonyeza N, unaachia N, unaachia Shift, halafu g, halafu ile alama ya ritifaa. Haya ndiyo yanayopita kwenye waya, na hakuna kingine:

```
42  49  177  170    Shift chini, N chini, N juu, Shift juu
34  162             G chini, G juu
40  168             ' chini, ' juu
```

Mnaona? Hakuna N kubwa mahali popote hapo. Kuna 49 iliyokuja wakati 42 bado haijaachiwa. Anayeamua kwamba hiyo maana yake ni N kubwa ni programu upande wa kompyuta.

Kwenye PC ile programu hiyo ilikuwa BIOS. Kibodi ikituma namba, prosesa inakatizwa kazi yake na kuruka kwenda kwenye kipande cha BIOS kinachoshughulikia kibodi. Kipande hicho kinaisoma namba, kinaangalia kumbukumbu yake kama Shift au Ctrl imeshikwa, kisha kinatazama jedwali. Ikiwa ni 30 bila Shift, jedwali linasema 97, yaani a ndogo kwa ASCII. Ikiwa na Shift, 65, yaani A kubwa. Ikiwa na Ctrl, 1. Halafu inaweka kwenye foleni vitu viwili pamoja, msimbo wa skani na herufi, ili programu ichague inachokitaka. Kitufe kama F1 ambacho hakina herufi kinawekwa kama 59 pamoja na sifuri. Foleni yenyewe ilikuwa fupi, inabeba vitufe 15 tu. Ndiyo maana kompyuta za zamani ukibonyeza-bonyeza wakati mashine imeganda zilikuwa zinapiga kelele: ile ilikuwa foleni inasema imejaa.

Sasa hapa ndo pananifurahisha mimi kama mtu wa historia. Walizitoaje zile namba? Hawakufuata alfabeti. Walitembea tu kwenye kibodi kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Esc ni 1, kitufe cha tarakimu 1 ni 2, kitufe cha 2 ni 3, mpaka Backspace ambayo ni 14. Mstari unaofuata, Tab ni 15, Q ni 16, mpaka Enter 28. Halafu inakuja 29, ambayo ni Ctrl, na ndipo A, 30.

Subiri kwanza. Ctrl kabla ya A? Angalia kibodi iliyo mbele yako, kushoto kwa A kuna Caps Lock. Ctrl ipo chini kabisa kwenye kona. Na Caps Lock yenyewe ina namba gani? 58, mara tu baada ya kitufe kirefu cha nafasi ambacho ni 57. Maelezo ni kwamba kwenye kibodi ya 1981 Ctrl ilikuwa kweli kushoto kwa A, na Caps Lock ilikuwa chini, kulia kwa kitufe cha nafasi. Vitufe vimehamishwa baadaye, namba zikabaki zilipokuwa. Ni kama mtaa ambao nyumba zimevunjwa na kujengwa upya lakini namba za milango ni zilezile. Ukizipanga namba za Linux za leo kwenye karatasi, 1 mpaka 83, unaichora upya kibodi ya IBM ya 1981 bila kuwahi kuiona. Huo ni ushahidi wa kihistoria kabisa, sawa na vigae vya Kilwa.

Lakini swali la historia siku zote ni hili: kwa nini kitu cha zamani kiliendelea kuishi? Namba 30 ilipata nafasi mbili nzuri sana za kufa.

Ya kwanza ilikuwa mwaka 1984, IBM walipotoa PC AT. Kibodi yake ilikuwa mpya, na ilikuwa inazungumza kwa namba mpya kabisa, zinazoitwa seti ya pili. Humo A si 30 tena, ni 28. Na kuachiwa hakusemwi kwa kujumlisha 128, bali kwa kutuma kwanza 240 halafu namba ya kitufe. Sasa kumbuka, kwenye namba za zamani 28 ni Enter. Programu zote zilizokuwa zimeandikwa tangu 1981 na kusoma misimbo ya skani moja kwa moja zingeona A kama Enter. Watu wangeasi. IBM walichofanya ni kuweka mkalimani. Kwenye bodi kuu ya kompyuta waliweka chipu nyingine, 8042, na kazi yake mojawapo ilikuwa kupokea 28 kutoka kwenye kibodi na kuwapa programu 30. Kibodi inasema lugha mpya, programu zinasikia lugha ya zamani, na mkalimani hatajwi popote.

Mwaka 1986 ikaja kibodi ya vitufe 101, ambayo ndiyo babu wa kibodi zetu za mezani. Ikaongeza mishale minne ya pekee, Ctrl ya pili kulia, na vitufe vingine ambavyo awali vilikuwa ndani ya sehemu ya namba upande wa kulia. Mshale wa juu wapewe namba gani? Zamani mshale wa juu ulikuwa ni kitufe cha 8 cha sehemu ile, namba 72. Basi mshale mpya nao ukapewa 72, ila ukatanguliziwa 224. Programu mpya inaona 224 na 72, inajua huu ni mshale wa pekee. Programu ya zamani haielewi 224, inaipuuza, inaona 72 na inafanya kile ilichokuwa inafanya. Ni ujanja wa kumwambia jambo kijana bila mzee kushtuka.

Nafasi ya pili ya 30 kufa ilikuja na USB mwaka 1996. Hawa walianza upya kabisa, na safari hii walifuata alfabeti: A ni 4, B ni 5, mpaka Z 29. Kitufe cha tarakimu 1 ndicho kilichopewa 30, fikiria! Pia hawakutaka habari za kubonyezwa na kuachiwa. Kibodi ya USB katika mtindo wake wa msingi inatuma taarifa ya baiti nane inayosema "hivi sasa vilivyoshikwa ni hivi": baiti moja kwa Shift na wenzake, moja haitumiki, na sita kwa vitufe vingine. Kompyuta ndiyo inayolinganisha taarifa hii na iliyopita ili ijue kipi kimeingia na kipi kimetoka. Ndiyo maana katika mtindo huo ukishika vitufe saba vya kawaida kwa pamoja, cha saba hakina pa kukaa.

Sasa Linux ilipoanza mwaka 1991 ilizaliwa kwenye PC za ukoo wa AT, ikakua inasikia 30. Ilipokuja kupokea kibodi za USB haikubadilisha namba zake. Iliweka mkalimani mwingine, mara hii wa programu. Mpaka leo jedwali lake lipo kwenye faili linaloitwa `hid-input.c`, na linaanza hivi:

```
0,  0,  0,  0, 30, 48, 46, 32, 18, 33, 34, 35, 23, 36, 37, 38,
```

Hesabu kuanzia sifuri. Nafasi ya nne ni 30. Yaani kibodi ya USB ikisema 4, Linux inaandika 30. Ya tano ni 48, ndiyo B. Windows nayo inafanya jambo linalofanana: namba za USB zinageuzwa kwanza kuwa misimbo ya skani ya zamani, ndipo mfumo uendelee.

Hapa ndipo tofauti kati ya msimbo wa skani na msimbo wa kitufe inapoonekana wazi. Msimbo wa skani ni neno la kibodi, na unabadilika kwa aina ya kibodi. Msimbo wa kitufe ni jina ambalo mfumo endeshi umekipa kitufe hicho baada ya tafsiri, ili programu zisihangaike na waya gani umetumika. Ukitaka kuona kwa macho yako, endesha `sudo evtest`, chagua kibodi, kisha bonyeza A. Kwenye kibodi ya USB unapata hivi, nimeondoa tu sehemu ya saa:

```
type 4 (EV_MSC), code 4 (MSC_SCAN), value 70004
type 1 (EV_KEY), code 30 (KEY_A), value 1
```

Mstari wa kwanza ni kibodi inazungumza: 7 ni ukurasa wa vitufe katika kanuni za USB, 4 ni A. Mstari wa pili ni Linux inazungumza: 30. Ile 1 ya mwisho ni kubonyezwa, ukiachia inakuja 0, ukishikilia zinakuja 2. Fanya hivyo hivyo kwa kibodi ya ndani ya laptopu nyingi, na mstari wa kwanza unasema `1e`, ambayo ni 30 kwa mtindo wa kuhesabu kwa kumi na sita. Kibodi mbili, maneno mawili tofauti, msimbo mmoja wa kitufe.

Na bado hatujafika kwenye herufi! Hatua ya mwisho ni mpangilio wa kibodi, jedwali linalosema kitufe fulani pamoja na Shift fulani kinatoa herufi gani. Kwenye DOS 3.3 ya mwaka 1987 ulikuwa unaandika `KEYB UK` ili jedwali la Kimarekani lililomo kwenye BIOS lifunikwe na la Kiingereza. Leo unachagua kwenye mipangilio. Angalizo moja kwa wanaotumia Windows: yale majina yake ya vitufe kama `VK_A`, namba 65, yanatolewa baada ya kupita kwenye mpangilio. Ukiweka mpangilio wa Kifaransa, kitufe kilichopo mahali pa Q ndicho kinachoitwa `VK_A`. Kwa hiyo "msimbo wa kitufe" wa Windows na wa Linux si kitu kimoja. Wa Linux unafuata mahali, wa Windows unafuata mpangilio.

Haya, sasa ile habari ya shule. Nilipokuwa fildi kwa mazoezi ya kufundisha, kwenye chumba cha kompyuta nilikuta kibodi tatu zimewekwa juu ya kabati, zimeandikwa kwa mapeni MBOVU. Nikamuuliza mwalimu aliyekuwa anatunza chumba, "Mwalimu, hizi zina shida gani?" Akasema, "Hizo ukitaka alama ya barua pepe zinakupa funga semi. Zimechanganyikiwa." Kompyuta zenyewe zilikuwa za msaada kutoka Uingereza, na kila kompyuta ambayo kibodi yake iliwekwa kabatini ilikuwa imekaa bure, imefunikwa kitambaa. Darasa lina wanafunzi wanne wanne kwa mashine moja.

Tulitazama kwa utaratibu. Kibodi ya Uingereza inaweka @ juu ya kitufe cha ritifaa, kile cha namba 40, na funga semi juu ya 2, kitufe namba 3. Ya Marekani inafanya kinyume chake. Tukachomeka kibodi moja, tukafungua `xev` na kubonyeza Shift pamoja na kitufe kilichochapwa @:

```
state 0x1, keycode 48 (keysym 0x22, quotedbl)
```

Namba ni 48 na si 40 kwa sababu `xev` ni ya mfumo wa X, na X inaongeza 8 kwenye kila namba ya Linux; kanuni zake za mwaka 1987 zinataka misimbo ya vitufe ianzie 8. Ondoa 8 unapata 40. Kwa hiyo kitufe kinafika salama, mahali pake pamejulikana, Shift nayo imeonekana, ndiyo ile `0x1`. Kilichokosewa ni neno la mwisho tu, `quotedbl`, yaani funga semi. Hilo linatoka kwenye jedwali, si kwenye kibodi. Tukaandika:

```
setxkbmap gb
```

Tukabonyeza tena. Safari hii ikaja `keycode 48 (keysym 0x40, at)`. Namba ileile, herufi nyingine. Mwalimu akacheka, akasema, "Kwa hiyo tumeziweka kabatini tangu mwaka jana kwa kosa la mwandishi, si la msemaji." Nimeipenda hiyo kauli yake, nimeiba. Zile tatu zilikuwa nzima zote. Kwa mashine za Windows unaongeza kibodi ya "English (United Kingdom)" kwenye mipangilio ya lugha. Na kama Linux yako inatumia Wayland badala ya X, `setxkbmap` haitasaidia, badilisha kwenye mipangilio ya kibodi.

Mtauliza, kwa nini kompyuta isijue yenyewe kwamba kibodi hii ni ya Uingereza? Kwa sababu ni wino, jamani, nilisema mwanzo. Kibodi haisomi kilichochapwa juu yake. Kanuni za USB zina nafasi ya kibodi kutaja nchi yake, lakini kibodi nyingi zinaandika sifuri hapo, maana yake "sisemi".

Kwa hiyo dalili ni hizi. Kama herufi za kawaida zote ziko sawa ila alama zimebadilishana, na siku zote zinabadilishana vilevile, @ na funga semi, au £ inatoa #, hapo kibodi ni nzima na mpangilio ndio si wake. Kama herufi zenyewe zimebadilishana, A inatoa q na Z inatoa w, una kibodi ya Kifaransa, zile zinazotumika sana kwa jirani zetu wa Kongo na Burundi, kwenye mpangilio wa Kiingereza. Bado ni nzima. Lakini kama kitufe kinabonyezwa na `evtest` haionyeshi kitu kabisa, au vitufe kadhaa vimekufa kwa pamoja, hapo kweli ni ugonjwa wa mwili: vitufe vinavyotumia waya mmoja kwenye zile nyavu vinakufa pamoja waya ukikatika.

Dalili ya tatu ni ile ya kitufe kuonekana kimeng'ang'ania bila kung'ang'ania. Ghafla kila kitu kinatoka kwa herufi kubwa na Caps Lock haijawaka. Mara nyingi mfumo ulisikia Shift ikiingia ila haukusikia ikitoka, hasa ukiwa unatumia kompyuta nyingine kwa mbali, ukahama dirisha ukiwa bado umeishika. Kwa mfumo, Shift bado iko chini. Usigonge kibodi mezani. Bonyeza Shift ya kushoto na uachie, halafu ya kulia na uachie. Ile taarifa ya kuachiwa iliyopotea itakuja sasa.

Na ya mwisho kwa wale wanaofungiwa nje ya akaunti zao. Nywila yenye @ ni mtego, kwa sababu skrini ya kuingilia inaweza kuwa na mpangilio tofauti na ule wa ndani ulipoitengenezea, na nukta zinaficha kilichoandikwa. Kabla hujaenda kwa fundi kuomba nywila mpya, andika nywila yako mara moja kwenye sehemu ya jina la mtumiaji uone inatoka nini, kisha ifute. Ila tazama nyuma yako kwanza.

Ritifaa ya "ng'ombe" kwenye kibodi ya Uingereza na ya Marekani ipo kitufe namba 40 bila Shift, kwa hiyo ng'ombe wetu yuko salama pande zote mbili. Mwenye kibodi yenye tabia ya ajabu aiendeshee `evtest` aniandikie namba alizopata hapo chini kwenye maoni, tuitafute pamoja.